Apu ya ishara kwa ajili ya mwenzako kiziwi: itakufikisha wapi

"Ofisini kwetu hapa Mombasa tumeajiri kijana kiziwi, anaanza baada ya wiki nne. Nimeshapakua apu ya lugha ya ishara na nafanya kila usiku kabla ya kulala. Nitaweza kuongea naye kweli au napoteza muda tu?"

Kwanza fungua hiyo apu uangalie imeandikwa inafundisha lugha gani, maana hapo ndipo kila kitu kinaanzia. Ukitafuta kwenye simu zile zinazokuja juu karibu zote zinafundisha ASL, yaani ishara za Marekani, au BSL za Uingereza. Lingvano kwa mfano inakupa uchague kati ya ASL, BSL na ile ya Austria, The ASL App jina lenyewe limeshasema. Hizo angalau zimekuwa wazi. Tatizo ni zile zimeandikwa "Sign Language" tu, unajifunza wiki tatu ukidhani ni lugha moja dunia nzima, kumbe huyo kijana wako amekua na KSL, Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ni lugha kamili yenye maneno yake na sarufi yake, na katiba ya 2010 imeitaja kwenye kifungu cha 7, halafu kifungu cha 120 kikaifanya mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ukivuka Horohoro tu ukaingia Tanzania unakuta lugha nyingine, Lugha ya Alama ya Tanzania.

Sasa kuna watu wakisikia hivyo wanasema basi futa apu, haina maana, subiri umpate kiziwi mwenyewe akufundishe. Mimi nilikuwa upande huo kabisa mpaka tulipoletewa mwenzetu kiziwi kule stoo nilikokuwa nafanya kazi, na nilichokiona kikanibadilisha mawazo kidogo, sio sana lakini kidogo.

Nilikuwa nimefanya apu ya ASL kama mwezi na nusu, dakika kumi na tano kila siku, na nilikuwa na maneno kama mia na hamsini kichwani. Siku ya kwanza nikamuendea nikaspeli jina langu kwa vidole, akalisoma. Akaspeli lake, nikalisoma mara ya tatu. Hiyo ilifanya kazi kwa sababu alfabeti ya vidole ya KSL ni ya mkono mmoja na inakaribiana sana na ile ya Marekani. Kama ningekuwa nimejifunza BSL nisingeambulia chochote maana wao wanaspeli kwa mikono miwili na ni kitu tofauti kabisa. Kwa hiyo hapo apu ilinipa mlango wa kuingilia, na sio mlango mdogo, ukishajua kuspeli basi neno lolote usilolijua unaliandika hewani na mwenzako anakuonyesha ishara yake.

Lakini baada ya majina nikaanza kumwaga yale maneno yangu mia na hamsini. Mengine akayaelewa, maana hizi lugha zimeazimana. Mengi akawa ananiangalia tu, kisha ananipa ishara ya niandike. Na ubaya ni kwamba sikuwa na njia ya kujua kabla lipi litapita na lipi halitapita, yale yaliyopita ndiyo yalinidanganya nikadhani na mengine yako sawa.

Angalia zile ishara za ASL zenyewe zimejengwaje utaelewa kwa nini haziwezi kusafiri zote. Maji kwa ASL unatengeneza herufi W kwa vidole vitatu unagonga kidevuni, W ya neno la Kiingereza. Jumatatu unazungusha mkono wenye umbo la M, bluu unatikisa B, familia unaunganisha F mbili, yote ni Kiingereza kimejificha ndani ya vidole. Simaanishi KSL haina athari ya Kiingereza, inayo, shule za viziwi Kenya zimefundisha kwa Kiingereza miaka mingi, ila haikuazima yale yale. Halafu maneno ya kazi yenyewe, risiti, mzigo wa Kongowea, kutumiwa pesa kwa simu, chapati ya saa nne, matatu imechelewa, hayo apu ya Marekani itayatoa wapi?

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa apu hawaligusi, nalo ni uso. Fikiria Kiswahili chetu, "amekuja" na "amekuja?" ni neno lile lile, tofauti iko kwenye sauti tu inavyopanda. Kwenye ishara sauti haipo, kinachopanda ni nyusi, na kichwa kinasogea mbele kidogo. Ukitoa ishara ya kuja huku uso umekaa kama picha ya kitambulisho, umemwambia mtu amekuja, hujamuuliza. Kukanusha vilevile, kichwa kinatikisika pamoja na mkono. Sasa apu nyingi video yake iko kwenye kiboksi kidogo, jicho lako linakimbilia mikono, nyingine zina michoro au katuni ambayo uso wake haufanyi kitu. Na jaribio linalofuata ni kuchagua jibu moja kati ya manne, unapata alama zote, unaona umeiva, na hakuna mtu amewahi kuangalia mikono yako wewe wala uso wako. Zile zinazotumia kamera nazo, hata ikikukubalia umbo la vidole hiyo sio ithibati kwamba uso wako umeuliza swali.

Kwenye sarufi nitawapa apu haki yao, ile nzuri inakufundisha kwamba huchukui sentensi ya Kiswahili ukaitafsiri neno kwa neno mikononi. Hakuna ni-li-ku-ambia, unataja wakati mwanzoni, jana au kesho, halafu unaendelea. Na sisi tuna bahati kidogo, neno la kuulizia kwenye KSL mara nyingi linakaa mwisho, jina lako nani, unakaa wapi, mpangilio huo tayari uko kinywani mwetu. Kwa hiyo kujifunza mazoea ya namna hiyo hata kupitia ASL sio hasara, hasara ni kubeba maneno.

Kwa wiki nne zako mimi ningeigawa hivi. Wiki ya kwanza na ya pili tumia apu ya ASL kwa alfabeti peke yake, hayo mengine yaache yalivyo hata kama inakubembeleza uendelee. Fanya A, S, T, M, N na E kwa pamoja kwa sababu zote ni ngumi na tofauti ni kidole gumba kimekaa wapi, hapo ndipo wengi wanachanganya. K na P ni umbo moja, kinachobadilika ni mkono umeelekea wapi. Mkono usirukeruke kila herufi, ukae sehemu moja karibu na bega, kiganja kimuelekee anayekusoma. Kama unatumia mkono wa kulia ubaki huo huo siku zote, wa kushoto vivyo hivyo, usiwe unafuata yule wa kwenye video kama kioo leo kulia kesho kushoto, na ukijirekodi kwa kamera ya mbele kumbuka simu nyingi zinageuza picha.

Kipimo cha kujua umeshika sio alama za apu. Mpe mtu wa nyumbani picha ya alfabeti, akuspelie majina kumi ambayo hujaambiwa, Mwanajuma, Athumani, Kadzo, Otieno. Ukiwa bado unasoma herufi moja moja halafu unaunganisha utapotea kwenye majina marefu, unatakiwa uanze kuliona jina kama umbo moja linalopita. Ukipata saba kati ya kumi bila kurudiwa uko vizuri kwa siku ya kwanza kazini.

Wiki ya tatu na ya nne hamia kwa KSL yenyewe. eKitabu wana video za hadithi za watoto zilizosimuliwa na viziwi wa Kenya, lugha yake ni ya taratibu na uso unauona vizuri. Taarifa za habari kwenye tivii zina mkalimani pembeni, hiyo usitegemee kuelewa, itazame dakika tano bila sauti uzoee kasi tu. Kama mwajiri ana hela kidogo basi zisiende kwenye kulipia apu, zimlipe kiziwi anayefundisha KSL aje hata Jumamosi mbili, na aje kufundisha ofisi nzima, maana ukijua peke yako utageuzwa mkalimani wa kila mtu na kijana wa watu atakuwa anaongea na wewe tu.

Tarakimu, siku na pesa usizibebe kutoka ASL kabisa. Ukikosea salamu hakuna kitu kitaharibika, ukikosea namba mtu atapakia katoni siyo. Hizo muulize yeye siku ya kwanza, na kwa ruhusa yake umrekodi kwa simu, maneno matano kwa siku, yale mnayotumia kazini. Sisi kule stoo kwa miezi miwili tulikuwa na video kama mia mbili, fupi fupi, na hiyo ndiyo ikawa apu yetu, ina ishara za mtu tunayeongea naye na maneno ya kazi yetu.

Na usije ukasema basi nitamuandikia tu. Itasaidia kwa jina la mteja au namba ya mzigo, ila kwa kiziwi aliyekua na ishara, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili au ya tatu, aya ndefu ya WhatsApp inaweza kumchosha kuliko unavyodhani.

Kitu kimoja sijui kama umeshauliza, huyo kijana anatumia ishara? Mjomba wangu masikio yalianza kupotea akiwa na miaka hamsini na kitu, hajui ishara hata moja, anachotaka ni umkalie mbele, mwanga uwe usoni kwako sio nyuma yako, uongee taratibu bila kupiga kelele. Binamu zangu walimpakulia apu wakamletea kwa furaha, akawauliza atakuwa anaongea na nani. Kwa mtu kama yeye inabidi nyumba nzima ijifunze pamoja naye, au msijifunze kabisa mkaboreshe jinsi mnavyokaa. Kwa hiyo kabla ya wiki ya kwanza kuisha mtumie ujumbe mfupi kupitia ofisi, umuulize anatumia KSL, anasoma midomo au anapenda kuandikiwa, halafu ndio uamue kama hiyo apu utaifungua usiku wa leo.