Ule mstari wa kijani hauhesabu chochote

Mwezi uliopita, asubuhi moja wachuuzi wa dagaa wakiwa bado wanapatana bei pale Mwaloni Kirumba, kundi letu la kikoba lilikuwa limeshapokea ujumbe uleule mara nne. Supamaketi inatimiza miaka 70, kila mtu apate vocha ya shilingi 500,000. Aliyeanza kuutuma ni shangazi. Miaka 70! Duka lenyewe limefunguliwa hapa Mwanza tukiwa tayari na simu za tachi.

Watu walimcheka. Mimi naona wanaocheka hawajauona ule mtego ulivyosukwa.

Nilifungua kiungo kwa simu yangu ya zamani, isiyo na laini, na WhatsApp yake haijasajiliwa kwa namba yoyote. Maswali manne mepesi, kisha masanduku tisa na nafasi tatu za kubahatisha. La kwanza tupu, la pili vocha. Nikaanza upya nikagusa mengine: la kwanza tupu, la pili vocha. Chini wapo watu wanaoshukuru "dakika 3 zilizopita". Nilirudi jioni, bado ni dakika 3.

Halafu ndipo penyewe: tuma kwa makundi 5 ili mstari wa kijani ujae. Nikabonyeza. WhatsApp ikanitaka nijisajili kwanza, nikarudi nyuma. Mstari ulikuwa umesogea! Nikabonyeza mara tano, ukajaa, na simu ile haina uwezo wa kumtumia mtu yeyote kitu. Ukurasa wa mtandaoni hauoni ndani ya WhatsApp yako. Unahesabu vidole tu. Tapeli hahitaji uthibitisho, anahitaji ujumbe ufike ukiwa na jina la shangazi juu yake, maana namba ngeni tungeipuuza.

Mstari ukishajaa inakuja fomu: majina matatu, simu, namba ya NIDA. Sasa supamaketi ikupe mchele na sukari, NIDA ya nini?

Anwani yenyewe ilikuwa na sura kama hii:

```
duka.co.tz-zawadi.top/miaka70
```

Jicho linaishia kwenye `duka.co.tz`. Anza kwenye mkwaju wa kwanza, rudi kinyumenyume: mwenye nyumba ni `tz-zawadi.top`, na `duka` ni kibao tu alichopachika mlangoni.

Shangazi alikuwa ameshajaza vyote. Siku hiyo tulikaa tukafuta ujumbe kwa wote, kundi baada ya kundi, kwa kuwa WhatsApp inakuruhusu kufanya hivyo kwa siku mbili na nusu hivi. Tukapiga `*106#` kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, tukakuta ni zake mbili tu.

Siku ya nne akapigiwa na kijana mpole wa "huduma kwa wateja", akamwita kwa majina yake yote matatu, akamtajia NIDA yake, akaomba asomewe namba iliyoingia kwenye meseji. Shangazi akakata simu. Kisha akarekodi sauti ya dakika tano kwa Kisukuma, akaitupia kundi la kwaya.