Neno "au" lililomlisha mama yangu biskuti

Mwezi uliopita nilimkuta mama anakunywa chai na biskuti, asubuhi tano, jioni tano. Mama hajawahi kuwa mtu wa biskuti. Nikamuuliza, akanionyesha pakiti. "Si waliniambia kliniki niongeze nyuzinyuzi, mwanangu? Hii hapa imeandikwa." Kweli imeandikwa, kwa herufi kubwa za kijani na shuke la ngano pembeni: chanzo cha nyuzinyuzi. Alikuwa amekula biskuti hizo wiki tatu, na choo chake kigumu kama mwanzo.

Nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa sababu pakiti ile haijavunja kanuni yoyote.

Nikageuza nyuma nikasoma jedwali. Katika gramu 100: nyuzinyuzi gramu 3.1, sukari gramu 22, nishati kilokalori 470. Biskuti moja ina gramu 8. Kwa hiyo biskuti kumi za mama ni gramu 80, zenye nyuzinyuzi gramu 2.5, sukari zaidi ya vijiko vinne vya chai, na kilokalori 376. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ili azipate kwenye biskuti hizo, mama angepaswa kula gramu 800, yaani pakiti nne nzima, kila siku.

Sasa njooni kwenye kanuni yenyewe. Miongozo ya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kuhusu madai ya lishe, CXG 23-1997, inasema chakula kinaweza kuitwa chanzo cha nyuzinyuzi kikiwa na gramu 3 katika gramu 100, au gramu 1.5 katika kilokalori 100. (Upo na mlango wa tatu, wa kiasi cha mlo mmoja, lakini tatizo la mama halikupitia huko.) Ulaya nao, katika Kanuni 1924/2006, wana namba hizohizo mbili na "au" ileile katikati.

Hiyo "au" iliwekwa kwa sababu nzuri, nakubali. Kabichi mbichi ina nyuzinyuzi kama gramu 2.5 tu katika gramu 100, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji. Kwa mlango wa kwanza inafeli. Lakini gramu hizo 100 zina kilokalori kama 25, kwa hiyo ukipima kwa kilokalori 100 unapata gramu 10, na kabichi inapita bila shida. Mlango wa pili upo ili mboga zisionewe kwa maji yake.

Biskuti haina maji. Imekaushwa kwenye oveni, kila kitu kimebanana, na nishati imebanana pamoja nacho. Ipime kwa mlango wa pili: gramu 3.1 gawanya kwa 4.7, unapata 0.66. Haifiki hata nusu ya gramu 1.5. Inafeli vibaya kwa kipimo kinachouliza swali la maana, yaani nyuzinyuzi hizi unazilipia kwa kalori ngapi, lakini inaruhusiwa kuchagua kipimo kinachoipendelea.

Na kuufikia mlango huo si kazi. Biskuti ya unga mweupe huwa na nyuzinyuzi kama gramu 2 katika 100. Pumba za ngano zina zaidi ya gramu 40 katika 100. Kwa hiyo gramu tatu za pumba katika kila gramu 100 za biskuti zinatosha kuivusha. Ukiona kwenye jedwali 3.1 au 3.2, ujue mtu alikaa na kikokotoo akasimama pale pale mstari ulipo.

Dai la "mafuta kidogo" lina ugonjwa huohuo: mafuta yasizidi gramu 3 katika 100 kwa chakula kigumu, 1.5 kwa kinywaji, na sukari hakuna anayeiuliza. Mtindi wa matunda unapita nayo.

Watu wa viwango wataniambia bila namba hizi kila mtu angeandika atakacho, na kwamba anayetoa dai analazimika kuweka jedwali. Ni kweli, na bila jedwali nisingeweza kupiga hesabu hii. Lakini mama ana miaka 71 na herufi za jedwali ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Ninachotaka ni kwamba vyakula vikavu, biskuti na nafaka za boksi, vipite milango yote miwili ndipo viandikwe mbele. Kabichi haitapoteza chochote.

Jioni ile nilichemsha maharage. Bakuli la gramu 200 lina nyuzinyuzi kama gramu 12. Mama alilitazama, akaniuliza, "Mbona hili halijaandikwa popote?"