Siku tano za rufaa, na hukumu isiyo na rufaa

«Kama tribinali imekwisha kukata kifo, sasa wanangojea nini tena?» Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mdogo wake alipigwa risasi na wezi usiku, mlangoni pa nyumba yake.

Mama, wanangojea hukumu iwe ya mwisho. Waraka wa tarehe 13 Machi 2024, uliotolewa na Rose Mutombo alipokuwa Waziri wa Sheria wa Kongo, ulirudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo dhidi ya wasaliti katika jeshi na majambazi wa mijini wanaoua. Lakini uliweka sharti: hukumu iwe imefika mahali ambapo haiwezi kupingwa tena. Ubishi wangu wote umelala juu ya sharti hilo.

Kwa njia ya kawaida, mtu aliyehukumiwa na tribinali ya kijeshi ya garnizoni ana siku tano za kukata rufaa kwenye mahakama ya juu yake. Ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya jaribio la mapinduzi la Mei 2024 kule Kinshasa. Washtakiwa walikuwa 51, na mwezi wa Septemba 37 wakakatiwa kifo. Wamarekani watatu waliokuwamo walikata rufaa, na hukumu yao ikabaki vilevile. Kilichowaokoa kilikuja Aprili 2025, rais alipoigeuza adhabu yao kuwa kifungo cha maisha. Hapo rufaa na msamaha ni vitu viwili tofauti: rufaa huuliza kama mtu alitenda kosa na kama alihukumiwa kwa haki, na msamaha hauulizi lolote kati ya hayo.

Lakini kuna mahakama nyingine, zinazoitwa mahakama za kijeshi za operesheni, ambazo huundwa pale penye vita. Sheria ya mahakama za kijeshi ya 2002, kifungu cha 87, inasema hukumu zake hazina rufaa yoyote. Katiba ya 2006 inasema kinyume chake. Kifungu cha 61 kinakataza kugusa haki ya rufaa hata wakati wa dharura, na cha 156 kinarudia kwamba haki hiyo haiwezi kusimamishwa hata kesi za raia zikipelekwa kwa wanajeshi. Kwa kifungu hicho cha 87, mtu anaweza kusomewa hukumu asubuhi, na jioni ikawa tayari ni ya mwisho. Miaka yote ambayo serikali haikuwa inaua, kasoro hiyo ilikaa kwenye makaratasi. Waraka wa 2024 umeipa risasi.

Lubumbashi tunajua mfano ulio karibu. Kanali Eddy Kapend, aliyekuwa msaidizi wa Rais Laurent-Désiré Kabila, alihukumiwa kifo Januari 2003 katika kesi ya mauaji ya rais huyo. Aliyemhukumu ni ile Korti ya Amri ya Kijeshi, ambayo nayo haikuwa na rufaa. Mwezi huohuo watu 15 walipigwa risasi Kinshasa katika kesi nyingine. Kapend hakuuawa. Alitoka gerezani Januari 2021 kwa msamaha wa rais, kisha akapewa ujenerali na kuongoza jimbo la kijeshi la 22, ambalo makao yake yako hapa kwetu. Sisemi msamaha unathibitisha hana hatia, maana msamaha haufuti hukumu. Nasema hakuna mahakama ya juu iliyopata nafasi ya kuipima kesi yake, na kama ile risasi ingefyatuliwa mwaka 2003, leo tusingekuwa na wa kumuuliza.

Wanaotaka adhabu hii wana hoja nzito, na siipuuzi. Wanasema kifungo cha maisha kwetu ni jina tu. Tarehe 27 Januari 2025, Goma ilipoingiliwa na vita, gereza la Munzenze lilibaki tupu: waliokuwa wamehukumiwa na waliokuwa bado wanangoja kesi walitoka pamoja. Mama wa Katuba akiniambia muuaji anaweza kurudi mtaani kwao, sina jibu la kumtuliza. Ila ukuta wa gereza hujengwa upya. Mtu aliyeuawa kwa kosa la hakimu hafufuki.

Wengine wanaomba ule usitishaji wa kuua waliohukumiwa kifo urudi. Mimi naona hautoshi. Kilichozuia risasi tangu 2003 hakikuwa sheria, kilikuwa mazoea, na ndiyo maana waraka wa waziri mmoja ulitosha kukiangusha. Kufuta adhabu yenyewe kunahitaji Bunge, ambalo mwaka 2010 lilikataa mswada wa namna hiyo. Hata wale wasiotaka ifutwe wangeweza kesho kukiondoa kifungu cha 87 bila kubadili msimamo wao.

Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba fulani amekatiwa kifo, usiishie kwenye kosa lake. Sikiliza jina la mahakama. Ikiwa ni garnizoni, hesabu siku tano. Ikiwa ni ya operesheni, wakili wake hana mlango wa kubisha ila wa rais.