Mapumziko au muda wa ziada? Ombi la mwanafunzi mwenye uchovu sugu

"Nina ugonjwa wa uchovu sugu. Nataka kuomba chuo kiniruhusu kupumzika katikati ya vipindi na mitihani, na mihadhara irekodiwe ili niisikilize baada ya siku ninazoshindwa kuinuka kitandani. Wahadhiri wengine wanasema huo ni upendeleo. Je, wana hoja?"

Wanayo, ila si kwa kila kitu unachoomba. Nimekaa upande wa mhadhiri katika mazungumzo ya namna hii, na kila mara nimeona pande zote mbili zikikwama palepale: wanabishania mwanafunzi apewe kiasi gani, kabla ya kuelewa ugonjwa wenyewe unavyokwenda.

Ugonjwa huu hudai deni lake kwa kuchelewa. Mtu akijibidiisha kwa mwili au kwa akili kupita uwezo wake, mara nyingi kuzidiwa huja saa 12 hadi 48 baadaye, na huweza kudumu siku kadhaa au wiki. Jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipopendekeza vigezo vya utambuzi mwaka 2015, kuzidiwa huko kulikuwa kigezo cha lazima, pamoja na usingizi usioburudisha na kushindwa kufanya shughuli za kawaida kwa zaidi ya miezi 6. Tena lazima kuwe na ama ukungu wa akili, ama hali kuwa mbaya zaidi mtu anapokaa wima au kusimama.

Chukua mwanafunzi mwenye mihadhara miwili Jumatatu asubuhi na kipindi cha maabara mchana. Mhadhiri anamwona maabara akichangamka na wenzake. Jumatano hayupo, na Alhamisi hayupo. Mhadhiri yule haoni uhusiano wowote kati ya Jumatatu na Alhamisi. Anachokumbuka ni kwamba alimwona mzima. Hapo ndipo neno "ajikaze" linapotokea, na linasemwa kwa nia njema kabisa. Lakini kujikaza ndiko kunakomwangusha. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, uliotolewa Oktoba 2021, uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kama tiba ya ugonjwa huu. Sasa unasisitiza mgonjwa aishi ndani ya mipaka ya nguvu alizo nazo.

Tuingie chumba cha mtihani, maana huko ndiko neno "upendeleo" husikika zaidi. Vyuo vingi vina dawa moja kwa kila mwenye mahitaji maalumu, nayo ni muda wa ziada, mara nyingi robo ya muda wa mtihani. Kwa anayesoma polepole ni msaada mkubwa. Kwa mwenye uchovu sugu huweza kuwa adhabu. Mtihani wa saa 3 unaoanza saa 3:00 asubuhi utamfikisha saa 6:45 akiwa bado ameketi wima, anafikiri, kichwa kinazidi kujaa ukungu.

Badala yake, gawa mtihani uleule katika vipande vinne vya dakika 45, na kati ya kipande na kipande weka mapumziko ya dakika 10 huku saa ya mtihani ikisimamishwa. Mapumziko ni matatu, jumla dakika 30. Anamaliza saa 6:30, mapema kuliko yule wa muda wa ziada, na dakika zake za kuandika ni 180 kama za kila mtu. Wakati wa mapumziko karatasi inafunikwa, naye analala chali katika chumba cha pembeni chini ya macho ya msimamizi. Kulala si anasa hapo, kwa kuwa kwa wengi wao kukaa wima kwenyewe kunakula nguvu.

Mhadhiri atauliza: si ataendelea kuyafikiria maswali akiwa amelala? Naam, anaweza. Siwezi kusema faida hiyo haipo. Naipima tu dhidi ya hasara ya kuandika jibu la mwisho na akili iliyokwisha zimika, na naona mizani inaegemea upande wa mwanafunzi.

Hata hivyo, mapumziko hayo hayafuti deni linalokuja kesho yake. Ukifanya mtihani Jumanne na mwingine Jumatano, ule wa pili unaangukia ndani ya zile saa 12 hadi 48. Ningekuwa wewe, nafasi ya siku kadhaa kati ya mitihani ndiyo ningeitanguliza. Na hapo chuo kina hoja nzito: kuusogeza mtihani wa mtu mmoja maana yake ni kutunga karatasi ya pili yenye uzito uleule, la sivyo maswali yatavuja. Hiyo ni kazi ya siku nyingi kwa mhadhiri, kwa hiyo ombi lifike kabla ratiba haijapangwa.

Kuhusu kurekodi, naelewa wahadhiri wanaosita. Wanaogopa sauti yao kusambazwa, au mwanafunzi mwingine aliyetoa ushuhuda wa maisha yake darasani kusikika nje. Hofu hizo zina dawa: kinasa kizimwe wakati wa mjadala, rekodi ifunguliwe na wahusika pekee, ifutwe baada ya mitihani. Semina inayopimwa kwa majibizano ya ana kwa ana ni suala jingine. Huko rekodi haiwezi kuchukua nafasi ya kuwepo, na mhadhiri akikataa simlaumu.

Lakini rekodi ina mtego ambao waombaji wengi hawauoni. Tuseme umekosa saa 7 za mihadhara wiki hii. Kwa kusimamisha, kurudia na kuandika, kila saa itakula kama saa moja na nusu, jumla saa 10 na nusu, juu ya vipindi vya wiki ijayo. Mwenye afya angelipa mwishoni mwa wiki. Wewe ukilipa hivyo unaanguka tena. Kwa hiyo omba rekodi pamoja na muhtasari wa maandishi, na uombe kupunguziwa idadi ya masomo kwa muhula hata kama shahada itachukua muda mrefu zaidi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataka marekebisho yafanywe pale yasipokuwa mzigo uliopita kiasi. Kinga hiyo ya chuo ni ya haki. Anayesomea uuguzi lazima aonyeshe anaweza kumhudumia mgonjwa, na hakuna barua itakayofuta hilo. Zamu zinaweza kufupishwa na kutawanywa. Ujuzi wenyewe haupunguzwi.

Yote haya hutegemea barua ya daktari, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Barua inayosema "anaugua uchovu sugu, asaidiwe" haimsaidii mtu. Mwombe daktari aandike kinachotokea, kwa mfano: "Akikaa wima na kufikiri zaidi ya dakika 45, umakini hushuka, baada ya siku yenye vipindi vitatu hulala siku mbili zinazofuata." Kila ombi lako lishikamane na sentensi kama hiyo.

Na barua hiyo itumike mwaka mzima. Chuo kikidai cheti kipya kwa kila kipindi kilichokosekana, kinamtaka mgonjwa apange foleni hospitalini siku ileile aliyoshindwa kufika darasani, na safari hiyo ndiyo itakayomlaza siku tatu zinazofuata.