Umemaliza au still?

Mpwa wangu anafanya kazi ya kupakia parachichi huko Tukuyu, na kwa sababu ndo pekee kwenye ile timu aliyefika form four bila kukimbia somo la Kiingereza basi simu ya kuwasiliana na mnunuzi wa nje amekabidhiwa yeye. Juzi kanitumia screenshot huku Mbeya ananiuliza mjomba hapa nimekosea wapi, mbona huyu mzungu kakasirika. Mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi, mnunuzi kauliza "Have you finished loading?" dogo kajibu "We didn't finish already." Mnunuzi kaona neno already akadhani mambo yameisha, kauliza tena "So you finished already?" na dogo kwa ujasiri wote kajibu neno moja tu, "Still." Mnunuzi kaandika "Still what?"

Nimecheka mpaka chai ikapoa, na Mbeya mwezi wa saba chai haihitaji msaada kupoa. Ila baada ya kucheka nikakaa nikafikiria, maana hayo makosa mimi mwenyewe nimeyafanya miaka na wanafunzi wangu wa tuisheni pale Mwanjelwa wote wanayafanya, wenye akili na wasio nazo, na wote wanayafanya kwa namna ileile. Kosa ambalo watu wote wanalifanya kwa namna moja sio ujinga, lina chanzo. Na chanzo chake kipo kwenye Kiswahili chetu, sema hakuna mwalimu anayetuonyesha. Tunaandikiwa tu ubaoni kwamba yet ni ya maswali na kukanusha, already ni ya kukubali, still ni ya kitu kinachoendelea, tunakariri, tunafaulu mtihani, afu tukifika kazini tunaandika "Still."

Sasa mi naanzia huku kwetu. Angalia neno sijala. Hiyo -ja- iliyokaa katikati ina kazi kubwa sana, inasema hilo tendo halijafanyika mpaka sasa na bado linategemewa. Nikikwambia sijala, utanikaribisha. Nikikwambia sikula, utauliza lini, jana? Maana sikula ni habari iliyofungwa, muda wake umepita, usiku ule nimelala njaa basi. Yaani sisi tunazitofautisha hizi mbili tangu tuko watoto na hakuna mtoto wa Kiswahili anayezichanganya, mama akiuliza umekula mtoto hajibu sikula. Halafu tukiingia kwenye Kiingereza tunazitupa zote kwenye kapu moja la didn't. Sikula ndo "I didn't eat." Sijala ni "I haven't eaten yet." Ile -ja- moja Kiingereza kimeivunja vipande viwili, kimoja kimeenda mbele kikawa haven't na kingine kimeenda mwisho wa sentensi kikawa yet.

Na already yenyewe inatoka wapi? Kwetu ni -sha-. Nimeshakula, ameshaondoka, tumeshapakia. Hiyo -sha- ni mabaki ya kwisha, wazee bado wanasema nimekwisha kula, tendo limefika mwisho wake. Ndo maana haiwezi kukaa na kukanusha kwenye sentensi kama ya dogo, huwezi kusema kitu kimekwisha na hapohapo hakijafanyika. Jaribu kusema "sijashakula" uone ulimi unavyokataa. "I didn't eat already" kwa masikio ya mzungu inasikika hivohivo, na mbaya zaidi neno analolishika ni lile la mwisho, already, kwa hiyo anaondoka na maana iliyo kinyume kabisa na yako.

Tatizo lingine la already ni kwamba wengi tumelijifunza kwa tafsiri ya tayari, na tayari yetu ni pana. Mzigo uko tayari, mtu anaandika "The cargo is already" na mwenzie anasubiri sentensi iendelee, already nini? Hapo inatakiwa "ready." Kwa hiyo ukifikiria already usifikirie tayari, fikiria -sha-. Kama kwenye Kiswahili chako unaweza kuingiza -sha- kwenye kitenzi basi already inakaa, kama haiingii basi sio yenyewe.

Haya tuje kwenye bado, hapa ndo pana utamu. Bado ni neno moja lenye ajira mbili. Bado sijala na bado nakula, neno ni lilelile, ila Kiingereza kazi hizo kimewapa watu wawili tofauti, yet na still. Mtu wa Kiswahili anakariri still maana yake bado, basi kila bado inayotokea anaibandika still. Umemaliza au bado? inakuwa "Have you finished or still?" na akitaka kuifanya iwe fupi inakuwa "Have you finished still?" Hii sentensi haiwezekani kwa sababu still inataka kitu ambacho kinaendelea, kimeshikilia hapohapo kama ukungu wa Uyole asubuhi, na kumaliza ni tendo la mara moja, ukishamaliza umemaliza. Kumaliza hakuwezi kuendelea. Kinachoweza kuendelea ni kufanya, "Are you still loading?" Ukitaka kuulizia kumaliza ni "Have you finished yet?"

Kuna kipimo ninachowapa wanafunzi wangu, sijakitoa popote, nimekipata tu kwa kuumiza kichwa. Itoe hiyo bado kwenye sentensi yako ya Kiswahili uone maana inabaki au inaondoka. Bado sijala, toa bado, sijala. Maana imebaki ileile maana -ja- ilikuwa imeshabeba kila kitu, bado ilikuwa abiria tu. Hapo tumia yet. Sasa chukua bado nakula, toa bado, nakula. Kuna kitu kimepotea, ile habari kwamba nilianza zamani na ulitegemea nimemaliza haipo tena. Hapo bado ilikuwa inafanya kazi, tumia still. Bado mgonjwa, toa bado, mgonjwa, maana imepungua, kwa hiyo "He is still sick." Lori bado halijafika, toa bado, lori halijafika, palepale, "The truck hasn't arrived yet."

Nikamrudisha dogo kwenye kazi yake mwenyewe. Nikamwambia siku ile hali ilikuwaje niambie kwa Kiswahili. Akasema, mjomba kreti zilikuwa 320, tulishapakia 200, hizo 120 tulikuwa hatujapakia na bado tunasubiri lori la pili. Nikamwambia isogeze iwe kama unaongea muda uleule. Tumeshapakia 200, hizo 120 hatujapakia, bado tunasubiri lori. Ona kila kitu kimejipanga chenyewe, -sha- ipo, -ja- ipo na bado yenye kazi ipo. "We've already loaded 200 crates. We haven't loaded the other 120 yet. We're still waiting for the second truck." Hakuna sheria aliyokariri hapo, alisoma Kiswahili chake tu. Na lile swali la kwanza la mnunuzi lilitaka maneno mawili, "Not yet." Hilo ndo jibu la bado ikisimama peke yake. "Still" haisimami peke yake kama jibu la umemaliza.

Sehemu ya kukaa pia nilimwambia, yet inapenda mwisho wa sentensi, already inapenda kukaa katikati ya have na kitenzi ingawa mwisho pia inakubalika, still inakaa kabla ya kitenzi ila ikikutana na am, is, are inakaa baada yake. Hapo sikukaa sana.

Ila kipimo changu kina mahali kinapochechemea na sitaki mtu aje kunishika shati. Utasikia mzungu anasema "I still haven't eaten" na ukitumia kipimo changu utasema kakosea, ilitakiwa yet. Hajakosea. Hapo kinachoendelea ni kule kutokula kwenyewe, njaa ndo inaendelea, na ina lawama ndani yake. Ni kama kwetu ukisema mpaka saa hizi sijala, kwa ile sauti. "I haven't eaten yet" ni taarifa, "I still haven't eaten" ni malalamiko. Kwa hiyo ukimwandikia bosi "You still haven't paid me" ujue umemsema, ukitaka kumkumbusha kwa adabu andika "I haven't been paid yet." Na hiyo still ya malalamiko inakaa kabla ya haven't, sio baada, "I haven't still eaten" usiandike.

Already nayo kwenye swali ina mtego. Sisi tukiuliza umeshamaliza? mara nyingi tunataka kujua tu. "Have you finished already?" mara nyingi ina mshangao ndani, yaani mara hii umemaliza? Ukitaka kuuliza bila mshangao tumia yet. Halafu utakutana na "If you haven't already, send the list" na mwanafunzi mmoja alinijia na hiyo kama kanifumania, ona mwalimu, already na kukanusha. Ni kweli ipo, kwenye "if" na pia kwenye maswali kama "Haven't you already paid?" kwa sababu anayeongea anahisi jambo limeshafanyika. Taarifa ya kawaida ya kwamba hujafanya haiingii humo.

Na Wamarekani wanasema "Did you eat yet?" na "I didn't eat yet," kwenye maongezi utaisikia sana tu, kwa hiyo mtu akikukatalia didn't kwa ukali mwambie apunguze. Mimi darasani naifundisha haven't kwa sababu mtihani wetu unaitaka hiyo, ila kwenye sentensi ya dogo iliyoharibu ni already, didn't ingesamehewa.

Dogo sasa hivi anaandika vizuri. Jana kanitumia screenshot nyingine, mnunuzi kauliza "Has the truck left yet?" yeye kajibu "Not yet, we're still loading," nikafurahi kweli. Afu nikashuka chini kidogo, mnunuzi kauliza imebaki muda gani, na dogo alitaka kusema bado kidogo, kaandika "Still small."

Nimempigia simu. "Almost done," nimemwambia, hiyo bado haina still wala yet, na ameniuliza mjomba kwani hizi bado ziko ngapi.