Pesa Iliyozidi: Ofisi Ndogo ya Wakili na Swali la Nani Analipa

"Ofisi yetu ni wakili mmoja na karani mmoja, na kazi kubwa ni kuuza na kununua nyumba. Wateja wengi nawajua mpaka majina ya wazazi wao. Kweli niwadai vitambulisho na kuwauliza pesa wamezitoa wapi, au haya ni mambo ya mabenki?"

Tuanze na pesa, kitambulisho kitafuata. Chukua nyumba ya Nyali, Mombasa, inayouzwa shilingi milioni 18. Hapa wakili wa mnunuzi ndiye anayepitishiwa arabuni, asilimia 10 kama ilivyo desturi, yaani milioni 1.8. Mnunuzi ni kampuni iliyosajiliwa miezi minne iliyopita. Siku ya tatu baada ya kutia saini, karani anafungua taarifa ya benki na kukuta zimeingia milioni 5.4. Aliyezituma ni kampuni nyingine kabisa, ambayo haimo kwenye mkataba. Jioni simu inalia: mhasibu amekosea, samahani sana, zile milioni 3.6 zilizozidi tafadhali mtumieni moja kwa moja muuza vipuri wetu wa Dubai, tunadaiwa naye, mtatuokolea muda.

Muuzaji hajaibiwa. Hati ni safi. Wakili akitii, benki ya Dubai itapokea pesa kutoka akaunti ya wateja ya wakili wa Mombasa, na hakuna afisa wa benki atakayeuliza sana. Hicho ndicho kilichokuwa kinatafutwa tangu mwanzo, pesa chafu ionekane safi, yaani utakatishaji wa fedha, na huenda nyumba yenyewe isinunuliwe kamwe. Benki haiwezi kuliona hili peke yake, kwa sababu kwenye rekodi zake akaunti ya wateja ni akaunti moja yenye jina la wakili, na pesa za watu ishirini zimechanganyika humo. Anayejua shilingi ipi ni ya nani ni wakili na daftari lake.

Kwa hiyo hoja ya kwamba haya ni mambo ya mabenki inaanguka mapema. Lakini upande wa pili una hoja nyingine zenye uzito, na sipendi zinavyopuuzwa.

Sheria yetu ya Kenya ya mapato ya uhalifu na utakatishaji wa fedha ni ya 2009, na madalali wa nyumba wamekuwamo humo muda mrefu. Mawakili walikataa. Mabadiliko ya 2021 yaliyowaingiza yalipingwa mahakamani na Chama cha Mawakili, LSK. Mwaka 2023 sheria ikarudi kwa sura nyingine na kupita, LSK yenyewe ikipewa kazi ya kuwasimamia wanachama wake. Februari 2024 FATF, shirika la kimataifa linalopima nchi zinavyopambana na utakatishaji, likaiweka Kenya hata hivyo kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zenye mapungufu zinazofuatiliwa kwa karibu. Wanaosema sheria hizi zimeandikwa kwa kuwaangalia wakaguzi wa nje hawajakosea kabisa. Ukiona sera ya kurasa 60 kwenye ofisi ya watu wawili, ujue imenakiliwa kutoka benki fulani na hakuna aliyeisoma, pengine hata jina la benki limesahaulika ukurasa wa 41.

Hofu kubwa ya mawakili ilikuwa siri ya mteja. Mtu anayekuja kwa wakili lazima aweze kusema yote, la sivyo hapati ushauri wa kweli. Sheria imeligusa hilo: kifungu cha 18 kinalinda mawasiliano ya ushauri wa kisheria na ya kesi. Aliyekuja kwa talaka, au kujitetea kwa shtaka, hageuzwi kuwa mtu wa kuripotiwa. Majukumu haya ya kutambua na kuripoti yanamfuata wakili anaponunua au kuuza nyumba kwa niaba ya mteja, anaposhika pesa zake, au anapomfungulia na kumwendeshea kampuni. Mstari huo unaeleweka mezani. Njiani huwa na ukungu, kwa maana mteja yule yule huanza na ushauri saa nne asubuhi na kumalizia na pesa saa nane mchana. Mimi naona wakili wa Nyali hana siri ya kulinda kwenye zile milioni 3.6. Hakuombwa ushauri hapo, aliombwa atume pesa.

Hoja iliyo nzito zaidi kwangu ni nyingine, na haizungumzwi sana kwa sababu wanaoandika sheria hawajawahi kununua nyumba Kisauni. Huku kwetu nyumba hainunuliwi na mtu mmoja. Kaka yuko Muscat, dada yuko Jeddah, shemeji anaongeza kidogo, mama anauza kiwanja cha zamani, na chama kinatoa zamu mapema. Pesa zinaingia kutoka watu watano ambao hawamo kwenye mkataba. Kwa kanuni ya kwamba mlipaji ambaye si mnunuzi ni dalili ya hatari, nusu ya familia za Pwani zina dalili. Naye mtakatishaji mwenye akili atakuja na mlipaji mmoja, suti, na taarifa ya benki iliyopangwa vizuri.

Hapo ndipo ofisi ndogo inapoweza kuishinda kubwa, ikitaka. Familia ile ikiulizwa, inajibu. Mama atakuambia Salim katuma lini na anafanya kazi gani, na stakabadhi ya kutuma pesa italetwa kesho imekunjwa ndani ya kanga. Uhusiano unaonekana na kiasi kinalingana na kazi ya mtu. Unaandika jina la kila aliyechangia, uhusiano wake na mnunuzi, kiasi na njia ya malipo, na mnunuzi anatia saini chini. Ukurasa mmoja umetosha. Kampuni ya Nyali ikiulizwa swali hilo hilo, inakasirika, au inaleta maelezo yanayobadilika kila mara.

Utambuzi wa kampuni ndio unaowashinda wengi, maana karani huchukua cheti cha usajili, akapiga nakala, akafurahi. Cheti kinasema tu kwamba kampuni imezaliwa. Unachotaka ni CR12 ya karibuni, inayopatikana kupitia eCitizen, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ya mnunuzi wetu inaonyesha kijana wa miaka 24 mwenye hisa asilimia 60, na kampuni ya pili yenye 40. Kampuni haili wala hailali, lazima nyuma yake kuwe na mtu. Unaomba CR12 ya hiyo ya pili, na unakuta mwanamume mmoja ana asilimia 80 yake. Zidisha: asilimia 80 ya 40 ni 32. Kanuni za 2020 za wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, zinamhesabu anayeshika kuanzia asilimia 10, iwe moja kwa moja au kupitia wengine, kwa hiyo huyo ni mteja wako sawasawa na kijana, ingawa hajawahi kupanda ngazi za ofisi yako. Naye alete kitambulisho.

Kuna kikwazo hapa ambacho si kosa la wakili. Sajili ya wamiliki manufaa haiko wazi kwa umma, ni ya mamlaka husika. Unambana mteja akupe nakala ya taarifa aliyoiwasilisha mwenyewe, kisha unailinganisha na CR12. Kama mwenye kampuni amekopesha hisa zake kwa jina la kijana na wote wawili wakanyamaza, karatasi haitakuambia. Kitakachokuambia ni yule kijana mwenyewe. Muulize nyumba ina vyumba vingapi. Anayenunua kitu cha milioni 18 huwa amekwenda kukiona.

Chanzo cha pesa nacho kina mtego wake. Taarifa ya benki iliyoletwa kwa simu si ushahidi mpaka uijumlishe. Chukua salio la juu, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, uone kama unapata salio la mstari unaofuata. Waghushi hubadilisha kiasi kimoja na kusahau masalio kumi yaliyo chini yake. Ni kazi ya dakika tano na kikokotoo cha simu.

Sasa turudi kwenye simu ya jioni. Wakili hasemi ndiyo wala hatishi. Anasema ofisi hurejesha pesa kwenye akaunti ilikotoka tu, na anaomba barua ya kampuni iliyotuma pamoja na maelezo yake. Sentensi hiyo iwe imeandikwa tayari kwenye barua ya kupokea kazi ambayo kila mteja huitia saini siku ya kwanza, ili isionekane imebuniwa kwa ajili ya mtu fulani. Majibu yasiporidhisha, ripoti ya muamala wa kutiliwa shaka inayoishia FRC, kituo cha serikali kinachopokea ripoti hizi, inatakiwa ndani ya siku 2 tangu shaka iingie, na muamala usiokamilika nao unaripotiwa. Kuanzia hapo mteja haambiwi kwamba ameripotiwa. Kumdokezea ni kosa la jinai, hata kama mlisoma naye shule moja. Kuomba karatasi za kawaida si kumdokezea. Kumwambia "mambo yako yamenifanya nipeleke ripoti" ni kumdokezea. Hata kurejesha pesa kulikotoka kusiwe kwa pupa baada ya ripoti: ongea kwanza na waliopokea ripoti, maana pesa ikishaondoka haizuiliki tena.

Gharama ipo, na anayebanwa ni mdogo. Ofisi kubwa ina idara nzima ya kazi hii. Wewe una karani ambaye pia anapeleka hati msajili wa ardhi na kununua maziwa ya chai. Kuna wateja watakaovuka barabara kwenda kwa jirani asiyeuliza, na kwa miezi kadhaa jirani atakuwa na kazi nyingi kuliko wewe. Kuna pia mzigo wa kutunza: kumbukumbu hukaa miaka 7, na nakala za vitambulisho zikilala wazi juu ya kabati unakuwa umeivunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huku ukijidai unatii nyingine. Kwa hiyo mimi singekubali orodha moja ya maswali kwa kila mtu. Kwa mteja wa wosia au wa kesi ya mpangaji, ningetosheka na kitambulisho na namba ya simu. Nguvu zote ningezipeleka mahali pawili: pesa inapoingia akaunti ya wateja, na inapotoka.

Na yule unayemjua mpaka jina la mama yake? Mwambie akupe kitambulisho halisi, ukione kwa macho, uandike tarehe na saini yako kwenye nakala. Kumfahamu kunakusaidia kujua kama pesa inalingana na maisha yake, jambo ambalo benki ingetamani kulijua. Liandike basi, mistari mitatu: anauza samaki jumla soko la Kongowea tangu ujana wake, ameuza lori, nimeona mkataba wa lori. Wewe ukiwa umesafiri na mkaguzi akaja, karani wako hamjui mama yake mtu. Ana faili tu.