Nafsi ya Kwanza Haijaivunja Insha

Mwanafunzi mmoja wa ualimu, anayesomea Kiswahili na Jiografia, alinionyesha insha yake ya isimujamii iliyorudishwa na mhadhiri ikiwa imepigiwa mistari myekundu kila palipokuwa na nafsi ya kwanza. Pembeni pameandikwa: "Hii siyo ripoti ya tafakuri. Ondoa mambo yako binafsi." Naye akatii, kwa sababu alama zinatafutwa. Katika nakala ya pili, aya iliyokuwa ikisema "niliuliza swali kwa Kiingereza, darasa likanyamaza" ikageuka kuwa "imebainika kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza hawaelewi masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza." Nakala hiyo ndiyo iliyosifiwa. Nimezisoma zote mbili, na ninasema bila kusita kwamba iliyosifiwa ndiyo dhaifu.

Tazama kilichotokea. Sentensi ya kwanza ilimwambia msomaji nani aliona, aliona nini na katika mazingira gani. Ya pili imelichukua tukio la darasa moja ikalifanya kuwa hali ya nchi nzima, na imemficha shahidi. Imebainika kwa nani? Lini? Kwa njia gani? Msomaji hana pa kuuliza. Kauli ya kutendwa imevaa joho la utafiti ilhali hakuna utafiti uliofanyika. Huo haukuwa umbali wa kitaaluma, na inaniuma kwamba tunawafundisha vijana kuuita hivyo.

Tukio lenyewe ni hili. Wakati wa mazoezi ya kufundisha alipangiwa shule ya kata, akafundisha Jiografia kidato cha kwanza. Aliuliza kwa Kiingereza tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi, na mkono mmoja tu ukanyooshwa. Akauliza tena kwa Kiswahili, mikono mingi ikapanda, na msichana wa dawati la nyuma akajibu kwamba mvua ya leo ni hali ya hewa, lakini masika kuja kila mwaka katika miezi ileile ni tabianchi. Jibu ni sahihi, na mtoto huyo alikuwa amenyamaza dakika mbili kabla.

Katika ripoti ya tafakuri, tukio hili ndilo kitu chenyewe kinachochunguzwa, na anayechunguzwa ni mwalimu. Vyuo vingi hutumia mzunguko wa Gibbs wa mwaka 1988: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa hatua zinazofuata. Ripoti nyingi ninazozisoma hukwama kwenye hatua mbili za mwanzo, kurasa nzima za nilifurahi na nilihuzunika, kisha uchambuzi unapewa mistari mitatu. Tafakuri ya kweli ingeuliza kwa nini alibadili lugha wakati ule na si mapema, andalio lake la somo lilitarajia nini, na kipindi kijacho angeliulizaje swali hilo. Dai lake halihitaji kuvuka mlango wa darasa lile.

Insha ya hoja hudai jambo lililo nje ya mwandishi. Mwanafunzi huyu alitaka kutetea kwamba Kiingereza kama lugha ya kufundishia sekondari kinazuia ujifunzaji. Hapo tukio lile linabadilika kazi: halichunguzwi tena kwa ajili yake lenyewe, linaitwa kutoa ushahidi, na kama shahidi yeyote ni lazima lihojiwe. Kazi hii ya kuhoji ndiyo umbali wa kitaaluma, na inaweza kufanywa vizuri kabisa kwa sentensi zinazoanza na "niliona".

Nilimwomba alete daftari la kumbukumbu alilokuwa akijaza kila baada ya kipindi, tukalihoji tukio pamoja. Kwanza, swali la Kiswahili lilikuja la pili. Huenda watoto walihitaji tu muda wa kufikiri, na wangejibu hata lingerudiwa kwa Kiingereza. Pili, na hili lilimshtua, daftari linaonyesha kwamba alipouliza kwa Kiswahili aliongeza mfano wa mvua za masika, ambao haukuwemo katika swali la Kiingereza. Kwa hiyo mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, lugha na mfano, na tukio peke yake haliwezi kusema ni lipi lililoinua mikono. Tatu, lilikuwa swali moja, katika kipindi kimoja, kwa watoto ambao miezi michache tu iliyopita walikuwa shule ya msingi wakifundishwa kwa Kiswahili.

Je, baada ya kuhojiwa hivyo tukio limebaki na thamani gani? Limebaki na jambo moja thabiti: ukimya wa darasa katika swali la Kiingereza haukuthibitisha kwamba watoto hawajui mada. Hilo ni dogo kuliko alilotaka kudai, lakini ni lake, na hakuna wa kumnyang'anya. Kwa dai kubwa anahitaji mashahidi wengine. Wapo. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania hakikutosha kusomea masomo mengine.

Hapa mwandishi wa hoja anatakiwa kuwa makini zaidi. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilikwishapendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari. Criper na Dodd, pamoja na hali waliyoikuta, walipendekeza Kiingereza kibaki na ufundishaji wake uimarishwe. Wote waliona wanafunzi wanaohangaika, wakafika mahali tofauti. Ushahidi wa kuhangaika, uwe wa tume au wa mwalimu mwanafunzi, hauamui wenyewe nini kifanyike. Mwandishi ni lazima aeleze kwa nini anatoka kwenye alichokiona na kwenda kwenye anachopendekeza. Aya iliyosifiwa na mhadhiri iliruka hatua hiyo, na "imebainika" ndiyo iliyoufunika mruko.

Tuliiandika upya hivi: "Katika kipindi kimoja cha Jiografia nilichofundisha kidato cha kwanza, swali lililopata mkono mmoja kwa Kiingereza lilipata majibu mengi nilipolirudia kwa Kiswahili nikiongeza mfano. Tukio hili halitoshi kutenganisha athari ya lugha na ya mfano, lakini linaonyesha kwamba ukimya si kipimo salama cha kutojua. Linaafikiana na ripoti ya Criper na Dodd (1984) kuhusu ugumu wa kusomea kwa Kiingereza, ingawa wao walipendekeza suluhisho ambalo insha hii inalipinga." Kisha aya zinazofuata zibebe pingamizi hilo kwa hoja.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mhadhiri ana sababu. Amesoma insha nyingi ambazo "mimi naona" ndiyo hoja nzima, na anayepinga anaambiwa hajayapitia maisha hayo. Uzoefu wa namna hiyo hauhojiki, na kisichohojika hakistahili kuwa ushahidi. Lakini dawa yake ni kumtaka mwanafunzi aeleze alisimama wapi, aliandika kumbukumbu lini, na ni maelezo gani mengine yangeweza kufaa. Kufuta kiambishi "ni-" hakumlazimishi kujibu hata moja kati ya hayo. Kunampa tu ruhusa ya kutojibu.

Jina la shule na la yule msichana tuliyaacha nje, kwa kuwa hakuna aliyewaomba ridhaa. Insha imerudi kwa mhadhiri ikiwa na nafsi ya kwanza mahali tano, na kila mahali ipo kwa sababu pale mwandishi ndiye chanzo cha habari.